Vidokezo vimetokea ukutani: kutafuta chanzo pale Presenter View inapokataa

Mwezeshaji anabonyeza F5, na ukutani badala ya slaidi safi yanatokea maandishi yake ya pembeni: "hapa sema polepole", "usitaje bajeti ya mwaka jana", "mkurugenzi akiuliza, mwelekeze kwa mhasibu". Ukumbi mzima unasoma. Kuna lingine ambalo halina aibu lakini linakera vilevile: ukutani na kwenye kompyuta kunaonekana slaidi ileile moja, vidokezo havipo popote, na msemaji anabaki kukariri.

Hapa nitashughulika zaidi na PowerPoint kwenye kompyuta mpakato ya Windows 10 au 11 iliyounganishwa na projekta, kwa sababu ndiyo hali tunayoikuta kwenye kumbi nyingi za semina, madarasa na ofisi. Kwingine nitagusia mwishoni.

Kabla ya kugusa chochote ndani ya PowerPoint, jibu swali moja: je, kompyuta inahesabu skrini mbili tofauti, au inahesabu picha moja inayonakiliwa sehemu mbili? Presenter View, yaani hali ya PowerPoint inayokuonyesha wewe vidokezo huku hadhira ikiona slaidi tu, inahitaji skrini mbili zilizo huru, moja ya hadhira na moja yako. Projekta ikiwa inanakili tu kile kilicho mbele yako, hakuna mahali pa kuvificha vidokezo. Nimeona watu wakihangaika na menyu za PowerPoint kwa muda mrefu wakati tatizo lilikuwa kwenye Windows, na wengine wakihangaika na Windows wakati tatizo lilikuwa waya. Kwa hiyo fuata mpangilio huu: waya kwanza, kisha Windows, kisha PowerPoint.

Kuitambua hali yako kwa macho

Bonyeza `Windows + P`. Upande wa kulia wa skrini itatokea orodha yenye majina manne: `PC screen only`, `Duplicate`, `Extend` na `Second screen only`. Iliyowekewa alama ndiyo hali uliyo nayo sasa. Unayoitaka ni `Extend`, yaani projekta iwe nyongeza ya eneo la kazi, isiwe nakala.

Ukichagua `Extend`, ukutani itabaki picha tupu ya mandhari ya Windows, bila faili zako na bila dirisha la PowerPoint. Hapo ndipo wengi hushtuka, wakadhani wameharibu, na kurudi haraka kwenye `Duplicate`. Usirudi. Ukuta wenye mandhari tupu ndiyo dalili kwamba mambo yako sawa: projekta imekuwa skrini ya pili na inasubiri kupewa kitu cha kuonyesha. Slaidi zitahamia kule utakapobonyeza F5.

Kuna dalili nyingine ya haraka. Kama ulipochomeka waya wa projekta maandishi ya kompyuta yako yaliongezeka ukubwa, au picha ikabanwa na kuachwa mistari myeusi pembeni, uko kwenye `Duplicate`. Windows imelazimika kutafuta kipimo ambacho skrini zote mbili zinakiweza, na projekta nyingi za zamani zina vitone 1024 kwa 768 tu, au 1280 kwa 800. Ukihamia `Extend`, kila skrini inarudi kwenye kipimo chake.

Dalili: vidokezo vinasomeka ukutani

Hii ndiyo inayoumiza zaidi, na ina vyanzo viwili visivyofanana. Ili kujua ni kipi, acha kuangalia ukuta, angalia kompyuta yako.

Kama kompyuta yako nayo inaonyesha vidokezo, yaani pande zote mbili ziko sawa, basi uko kwenye `Duplicate`. Presenter View imefunguka juu ya skrini ambayo ni moja tu kwa hesabu ya Windows, na projekta inanakili kila kitu. Mara nyingi mtu ameifungua kwa `Alt + F5`, njia iliyowekwa kwa ajili ya kufanyia mazoezi bila skrini ya pili. Bonyeza `Esc`, kisha `Windows + P`, chagua `Extend`, halafu anza upya kwa F5.

Kama kompyuta yako inaonyesha slaidi safi iliyojaa skrini nzima huku vidokezo viko ukutani, basi skrini ni mbili na ziko huru, ila zimebadilishana nafasi. Hapa `Windows + P` haitasaidia kitu. Juu ya dirisha la Presenter View kuna kitufe cha `Display Settings`. Kibofye, kisha chagua `Swap Presenter View and Slide Show`. Mara moja zinabadilishana.

Ugumu ni kwamba kitufe hicho kwa wakati huo kiko ukutani, si mbele yako. Kishale cha kipanya lazima ukisukume kipite ukingo wa skrini yako hadi kitokee ukutani. Mara nyingi kinapita upande wa kulia. Kikigoma, jaribu kushoto. Kama huna utulivu wa kukitafuta huku watu wakikutazama, bonyeza `Esc` tu. Onyesho litafungwa, na utarekebisha kutoka kwenye kichupo cha `Slide Show`, kwenye kisanduku cha `Monitor`, kama nitakavyoeleza chini.

Tahadhari moja. Watu wanaojua kwamba herufi `B` hufanya slaidi iwe nyeusi hukimbilia kuibonyeza ili kuficha aibu. Skrini zikiwa zimebadilishana, `B` inazima slaidi, na slaidi iko kwenye kompyuta yako. Vidokezo vitaendelea kung'aa ukutani. Kama unahitaji kuficha papo hapo, tumia rimoti ya projekta. Nyingi zina kitufe cha kuzima picha kwa muda; kwenye Epson kimeandikwa `A/V Mute`, kwingine `Blank`. Kama rimoti haijulikani ilipo, mtu aliye karibu na projekta afunike lenzi kwa kifuniko chake, kama kipo.

Kwa nini zinabadilishana? Chanzo cha kwanza ni kwamba Windows inaichukulia projekta kuwa skrini kuu. Huenda kompyuta iliwahi kutumika ofisini na skrini kubwa ya mezani iliyowekwa kuwa kuu. Fungua `Settings`, ingia `System`, kisha `Display`. Juu utaona miraba yenye namba 1 na 2. Bofya `Identify` na namba zitatokea kwenye skrini zenyewe, ili ujue ipi ni ipi. Bofya mraba wa kompyuta yako, shuka hadi sehemu ya `Multiple displays`, weka tiki kwenye `Make this my main display`.

Chanzo cha pili kiko ndani ya PowerPoint. Kichupo cha `Slide Show` kina kisanduku cha `Monitor` kinachoamua slaidi ziende skrini ipi. Vidokezo havichagui, vyenyewe huenda kwenye skrini iliyobaki. Mtu akiwa ameacha hapo `Primary Monitor`, slaidi zitafunguka kwenye skrini kuu, yaani kompyuta yako, na vidokezo vitatupwa ukutani. Rudisha iwe `Automatic`, au chagua jina la projekta kama linaonekana kwenye orodha.

Dalili: slaidi ileile pande zote mbili, vidokezo havipo

Angalia tiki kwanza. Kwenye kichupo cha `Slide Show`, upande wa kulia, kuna `Use Presenter View`. Kama haina tiki, PowerPoint haitakuletea ukurasa wa vidokezo hata skrini zikiwa mbili. Ukiwa tayari umeanza kuonyesha, bofya kulia juu ya slaidi na uchague `Show Presenter View`. Utaokoka bila kusimamisha onyesho.

Tiki ikiwepo na bado slaidi ni ileile, rudi kwenye `Windows + P`. Tangu toleo la 2013 PowerPoint imekuwa ikijaribu kukusaidia: ukianza onyesho ukiwa kwenye `Duplicate`, yenyewe inahamisha Windows kwenda `Extend`, na ukimaliza inarudisha. Ndiyo maana kwenye kompyuta moja mambo hujipanga yenyewe na kwenye nyingine hayajipangi, ingawa faili ni lilelile. Msaada huo unaweza kuwa umezimwa. Uko kwenye `File`, `Options`, `Advanced`, sehemu ya `Display`, na umeandikwa `Automatically extend display when presenting on a laptop or tablet`. Ushauri wangu ni kuuacha ukiwa umewashwa lakini usiutegemee. Weka `Extend` kwa mkono kabla hujafungua faili, ili utakapobonyeza F5 picha isizimike na kuwaka mbele ya watu wakati Windows inajipanga upya.

Kuna chanzo kingine ambacho wengi hawakijui, nacho kinasafiri ndani ya faili. Fungua `Set Up Slide Show`. Juu kuna aina tatu za onyesho. Inayotakiwa ni `Presented by a speaker (full screen)`. Kama aliyetengeneza faili alichagua `Browsed by an individual (window)`, slaidi zitafunguka ndani ya dirisha la kawaida na Presenter View haitapatikana. Chaguo hili huhifadhiwa pamoja na slaidi, kwa hiyo ukipokea faili la mwenzako unaweza kupokea na tatizo lake, hata kama jana yake kompyuta yako ilionyesha faili lako vizuri kabisa. Ukiona faili moja linagoma na mengine yanakubali, anzia hapa.

Halafu kuna hali ambayo tiba yake haiko kwenye mipangilio. Kumbi nyingi za mikutano zina kompyuta ya mezani iliyofungwa kabisa, na nyuma yake kuna kigawanyio: waya mmoja unatoka kwenye kompyuta, unaingia kwenye kiboksi kidogo, na kiboksi kinatoa picha mbili, moja kwa skrini ya mezani na moja kwa projekta. Kwako zinaonekana skrini mbili. Kwa kompyuta ni moja, kwa sababu imetoa waya mmoja tu. Orodha ya `Windows + P` itaonekana, lakini hutapata `Extend` inayofanya kazi, na kwenye `Settings` utakuta mraba mmoja tu. Dawa ni kuchomoa waya wa projekta kwenye kigawanyio na kuuchomeka moja kwa moja kwenye tundu la pili la picha nyuma ya kompyuta, kama lipo. Kama halipo, tumia kompyuta yako mwenyewe. Kigawanyio hakileti shida kwa kompyuta mpakato, maana skrini yake ya ndani inahesabiwa peke yake. Projekta na televisheni mbili za pembeni zikipata picha ileile kupitia kigawanyio, kwako zote ni "skrini ya pili", na Presenter View itafanya kazi vizuri.

Dalili: kompyuta haioni projekta kabisa

Kwenye `Settings`, `System`, `Display` kuna mraba mmoja. Unafungua `Multiple displays`, unabofya `Detect`, na unajibiwa kwamba skrini nyingine haikupatikana. Hapa PowerPoint haina hatia, iache kwanza.

Hakikisha projekta imewaka na imechaguliwa tundu sahihi. Kitufe cha `Source` au `Input` kwenye projekta hupitia matundu yote moja baada ya jingine. Simama kidogo kwenye kila tundu, kwani projekta huchukua sekunde kadhaa kutambua picha. Kama unatumia USB-C, kumbuka kwamba si kila tundu la USB-C linatoa picha. Mengine ni ya chaji na faili tu, na adapta ya kawaida ya kwenda HDMI haitafanya kitu hapo, hata iwe mpya. Jaribu adapta hiyohiyo kwenye kompyuta nyingine kabla hujailaumu.

Palipo na mengi ya kujua ni kwenye VGA, kwa sababu projekta nyingi zilizofungwa darini kwenye kumbi zetu bado zinatumia waya wa bluu uliopitishwa ndani ya ukuta miaka mingi iliyopita, wakati kompyuta za sasa zina HDMI tu. Kati yake inawekwa adapta ya HDMI kwenda VGA, na hapo ndipo mnyororo unapokuwa mrefu: tundu la kompyuta, adapta, waya wa ukutani, projekta. Kiungo chochote kinaweza kuwa na kasoro.

Tuchukue kisa kimoja tukipitie hatua kwa hatua. Mwezeshaji wa mafunzo ya siku mbili amefika ukumbini saa moja kabla. Amechomeka adapta yake, ameunganisha waya wa bluu, na ukutani hakuna picha. `Windows + P` na `Extend` haileti kitu. `Detect` inakataa. Mtu wa ukumbi anasema, "Projekta nzima kabisa, jana imetumika." Pengine ni kweli, na bado haitoshi.

Hatua yake ya kwanza ni kuitoa kompyuta kwenye mashaka. Anaomba skrini ya mezani kutoka ofisi ya jirani, pamoja na waya wake mfupi wa VGA. Anachomeka adapta ileile kwenye waya huo mfupi. Skrini inawaka, na Windows inaonyesha miraba miwili. Kwa jaribio hilo moja amepata majibu mawili: tundu la HDMI la kompyuta ni zima, na adapta ni nzima. Wamebaki washukiwa wawili, waya wa ukutani na projekta.

Hatua ya pili ni kuutoa mmojawapo. Anachukua ule waya mfupi, meza inasogezwa chini ya projekta, mtu mrefu anauchomeka moja kwa moja kwenye projekta huku kompyuta ikishikiliwa karibu. Picha inatokea. Basi projekta ni nzima, na kosa liko kwenye waya wa ukutani.

Hatua ya tatu ni kuuangalia waya wenyewe kwenye mwanga. Kichwa cha VGA kina nafasi 15 za pini, safu tatu za pini tano. Pini namba 9, kwenye safu ya katikati, mara nyingi haipo tangu kiwandani, na hiyo si kasoro. Muhimu kwa kisa hiki ni pini namba 12 na 15 kwenye safu ya chini. Kupitia hizo mbili projekta huitaarifu kompyuta kwamba ipo, ni ya aina gani, na inaweza kipimo gani cha picha. Pini nyingine ndizo zinazobeba rangi. Kwa hiyo waya unaweza kupeleka picha na bado ukashindwa kupeleka taarifa. Matokeo yake hutofautiana: wakati mwingine Windows haioni skrini yoyote, wakati mwingine inaiona lakini inaiita `Generic Non-PnP Monitor` na kuipa kipimo kidogo kama 1024 kwa 768. Ukiliona jina hilo, shuku waya kabla ya kitu kingine.

Kwenye kisa chetu pini moja ya safu ya chini ilikuwa imelala. Mwezeshaji aliinyoosha taratibu kwa kibano chembamba, umeme ukiwa umezimwa, na Windows ikaiona projekta. Pini ingekuwa imekatika, kunyoosha kusingesaidia. Ingebidi projekta ishushwe mezani na kutumia ule waya mfupi. Swali la "jana imetumika" nalo lina jibu: aliyekuwepo jana huenda alikuja na kompyuta ya zamani yenye tundu lake la VGA. Kompyuta kama hizo nyingi hukubali kulazimishwa kutoa picha hata bila taarifa kutoka upande wa pili, lakini adapta nyingi za HDMI hazikubali.

Funzo la njia hii ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha waya na adapta kwa pamoja na picha ikaja, hujui kilichopona, na kesho utabeba tena kile kibovu.

Ukiunganisha bila waya kwa `Windows + K`, projekta au televisheni nyingi huanza na kunakili. Baada ya kuunganishwa, bonyeza `Windows + P` na uchague `Extend` kama kawaida.

Dalili: Presenter View imekuja, lakini sehemu ya vidokezo ni tupu au haisomeki

Kama ni tupu, huenda vidokezo havimo kwenye faili. Fungua `View`, kisha `Notes Page`, uone kama yapo maandishi chini ya slaidi. Watu huandika maelezo kwenye visanduku vya maoni pembeni, au kwenye kisanduku kilichowekwa nje ya ukingo wa slaidi, na vyote hivyo Presenter View haivichukui. Inasoma kile tu kilichoandikwa kwenye eneo la `Notes`. Faili lililopitia PDF kisha likageuzwa tena kuwa slaidi nalo mara nyingi huwa limepoteza vidokezo vyote.

Kama yapo lakini ni madogo, chini ya vidokezo kuna vitufe viwili vya herufi A, kimoja cha kukuza na kingine cha kupunguza. Pia unaweza kushika mstari unaotenganisha slaidi na vidokezo ukauvuta, ili slaidi ipungue na maandishi yapate nafasi. Hata hivyo aya nzima zilizonakiliwa kutoka kwenye ripoti hazisomeki ukiwa umesimama hatua mbili kutoka mezani, hata ukikuza vipi. Mistari mitatu au minne kwa slaidi inatosha, na tarakimu ngumu ziwe juu kabisa.

Dalili: ilikuwa sawa, ikavurugika katikati

Waya ukiyumba au umeme wa ukumbi ukikatika, Windows inaona skrini ya pili imeondoka na inakusanya kila kitu kwenye kompyuta. Kompyuta yako inaendelea kwa betri, projekta imezima. Usibonyezebonyeze vitu ovyo. Subiri projekta iwake tena. Zile za taa huhitaji muda wa kupoa kabla hazijakubali. Windows hukumbuka mpangilio wa skrini ilizowahi kuona, hivyo kwa kawaida hurudi kwenye `Extend` yenyewe. Picha ikirudi na Presenter View haijajipanga, bonyeza `Esc`, kisha `Shift + F5`. F5 peke yake ingekurudisha slaidi ya kwanza, lakini `Shift + F5` inaanzia slaidi uliyopo.

Ukijikuta kompyuta yako imekuwa nyeusi na ukuta ndio unaonyesha kila kitu, umegusa `Second screen only`. Bonyeza `Windows + P` tena. Orodha itatokea ukutani, nenda kwa mishale hadi `Extend`, bonyeza `Enter`.

Ukitumia programu nyingine

Kwenye Mac kanuni ni ileile: ndani ya `Displays` projekta isiwe ya kunakili. Kuanza Presenter View ya PowerPoint ni `Option + Return`, na juu kuna `Swap Displays` kama zimebadilishana. Kwenye LibreOffice Impress ukurasa wa msemaji hufunguka wenyewe skrini zikiwa mbili, na kitufe cha `Exchange` hufanya kazi ya kubadilishana.

Google Slides inataka uangalifu zaidi. Bofya mshale mdogo ulio kando ya `Slideshow`, chagua `Presenter view`, na vidokezo vitafunguka kwenye dirisha la pekee. Lakini Google haijui projekta ni ipi. Ni wewe unayelihamisha dirisha la slaidi kwenda ukutani, ama kwa kulivuta, ama kwa `Windows + Shift` pamoja na mshale wa kulia au kushoto, kisha unalijaza skrini nzima. Ukiwa kwenye `Duplicate`, dirisha la vidokezo litaonekana na kila mtu.

Jaribio kabla watu hawajaingia

Kwenye slaidi ya kwanza, eneo la `Notes`, andika kwa herufi kubwa: HAYA YAONEKANE KWA MSEMAJI TU. Kisiwepo kingine cha siri kwenye slaidi hiyo. Bonyeza F5 ukumbi ukiwa mtupu, nenda usimame viti vya nyuma, angalia ukuta. Maneno hayo yakiwa ukutani, tazama kompyuta yako na ujue ni lipi kati ya yale mawili: yapo pande zote, au zimebadilishana.

Na kwa ukumbi ambao kompyuta ni ya kudumu, kigawanyio kimefungwa na hakuna ruhusa ya kugusa nyaya, chapisha vidokezo kwenye karatasi. `File`, `Print`, na pale palipoandikwa `Full Page Slides` chagua `Notes Pages`. Kila karatasi itatoka na picha ya slaidi juu na vidokezo vyake chini. Andika namba za kurasa kwa kalamu, kwa sababu zikidondoka mezani hutakuwa na muda wa kuzipanga.